Matone ya Hita ya Maji: Lini ni Kawaida, Lini ni Hatari



Wengi wetu hudhani kuwa vali ya usalama ya hita inayodondosha maji imeharibika, na baadhi huiziba kwa kijiti. Tafadhali msifanye hivyo. Maji yakipashwa moto hutanuka. Tangi la lita 80 likipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60, maji yake huongezeka kwa zaidi ya lita 1. Vali huyazuia yasirudi bombani, hivyo huyatoa kidogo kidogo kupitia tundu lake. Tundu likizibwa, shinikizo hupanda. Na themostati nayo ikishindwa kukata umeme, tangi laweza kupasuka.

Basi angalieni wakati wa matone. Yakitoka hita inapopasha na kukoma baadaye, ni kawaida. Yakiendelea hata maji yakiwa baridi, huenda vali ina uchafu au shinikizo la bomba limezidi, mwiteni fundi. Ukitoka mvuke, zimeni umeme kwenye swichi kuu wala msiiguse vali.

Kila mwezi, zimeni umeme, acheni maji yapoe, kisha inueni kishikio cha vali. Maji yatoke, na yakome kishikio kikirudishwa. Yasipotoka, vali imeganda kwa chokaa, ibadilishwe.

Fundi akiwapo, akague pia fimbo ya magnesi iliyomo tangini. Hiyo huliwa na kutu badala ya chuma. Ikibaki waya mtupu, litakalofuata kuliwa ni tangi lenyewe.