Swali la Kabila katika Jalada la Mgonjwa: Sababu Zake, Matumizi Yake na Mipaka Yake

Mada iliyotolewa katika semina ya watunza kumbukumbu za afya, Chimwaga, Dodoma



1. Utangulizi

Mgonjwa afikapo dirishani huulizwa jina lake, umri wake, makazi yake, kazi yake na jina la ndugu wa karibu. Na katika majalada ya baadhi ya hospitali zetu, hususan zile zilizoasisiwa zamani, huulizwa pia kabila lake. Jibu hutolewa upesi na kuandikwa upesi, kisha aghalabu halisomwi tena, isipokuwa na mwanafunzi wa utabibu anayefundishwa kuanza habari za mgonjwa kwa jina, umri na kabila, au na mtafiti ajaye baada ya miaka mingi kufungua majalada yaliyojaa vumbi. Madhumuni ya mada hii ni kueleza swali hilo liliingiaje katika karatasi zetu, ni elimu gani iwezayo kupatikana kwa jibu lake, na ni sharti gani zitimie kabla jibu hilo halijageuzwa kuwa hoja. Rai yangu ni kwamba kabila, katika mambo ya siha, mara nyingi husimama badala ya jambo jingine. Na kazi ya mwenye kupanga ni kulitafuta jambo hilo jingine na kuliuliza lenyewe.

2. Swali lilikotoka

Chini ya utawala wa Waingereza, na hasa tangu mwaka 1926 serikali ilipotawala kwa njia ya watemi na majumbe, mtu alitambulika mbele ya dola kwa kabila lake, mtemi wake na jumbe wake. Hayo yalikuwa kama anwani: kwa hayo alitozwa kodi, kwa hayo alitafutwa akipotea, na kwa hayo jamaa zake walipelekewa habari afapo mbali na kwao. Utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, na baadaye balozi wa nyumba kumi akachukua nafasi ya jumbe katika kumtambulisha mkazi. Walakini mstari wa kabila haukufutwa katika karatasi nyingi, kwani karatasi mpya hunakiliwa kutoka karatasi ya zamani.

Sensa ya watu nayo iliuliza kabila mwaka 1957, na ikauliza tena mwaka 1967. Na hiyo ya 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho Tanzania Bara kufanya hivyo. Sensa zote zilizofuata hazikuuliza, kwa kuwa taifa liliazimia kuhesabu raia wake pasipo kuwagawanya kwa nasaba. Jirani zetu wa Kenya wangali wakiuliza katika sensa zao, hata ile ya 2019. Tofauti hii ina athari kubwa katika hesabu za hospitali, nami nitairudia mbele.

3. Yale utafiti uliyofunua: mfano wa selimundu

Haifai kusema kwamba swali hili halikupata kuzaa elimu. Mwaka 1949, Lehmann na Raper walitangaza matokeo ya kupima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda ili kutafuta wenye chembe za selimundu. Tofauti waliyoiona ilikuwa kubwa ajabu: miongoni mwa baadhi ya makabila wenye chembe hizo hawakuzidi sana mmoja katika watu 100, ilhali miongoni mwa Waamba wa Bundibugyo, chini ya milima ya Ruwenzori, walikaribia 45. Kwa kuwa daftari lao liliwapanga watu kwa kabila, maelezo yaliyowajia kwanza yalikuwa ya kabila: kwamba tofauti hiyo ni athari ya nasaba na ya mchanganyiko wa mataifa yaliyohamia huku zamani.

Ndipo akaja Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, akapima watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na katika mwaka 1954 akatangaza maelezo mengine. Aliona kwamba wakazi wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, wawe wanasema lugha ya Kibantu au ya Kijaluo, walikuwa na chembe hizo kwa wingi, ilhali watu wa nyanda za juu zenye baridi walikuwa nazo chache mno, hata kama lugha zao zilikuwa ndugu na zile za Pwani. Kilichowaunganisha wale wa kwanza hakikuwa nasaba bali malaria, kwani mtoto aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, akaishi hata kuzaa, na chembe ikazidi katika nchi zenye mbu wengi.

Tazameni basi jinsi neno moja katika daftari lilivyofanya kazi mbili zinazopingana. Lilifunua kwamba ipo tofauti inayohitaji kuelezwa, na hiyo ndiyo faida yake. Kisha likamshawishi msomaji aamini kwamba tofauti hiyo imekwisha elezwa, na hiyo ndiyo hatari yake. Elimu ya kweli ilipatikana pale jibu la kabila lilipowekwa kando ya habari ya mahali.

4. Hesabu isiyo na asili

Sasa niingie katika kosa litokealo mara nyingi zaidi. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba hospitali moja ya hapa Dodoma inafungua majalada 200 ya wagonjwa wa maradhi fulani, na katika hayo 120 yameandikwa Mgogo, 40 yameandikwa makabila mengine, na 40 hayana kitu. Mwenye haraka atasema kwamba wagonjwa sita katika kila kumi ni Wagogo, kwa hiyo maradhi hayo huwapata zaidi Wagogo. Kauli hiyo haina msingi. Ikiwa watu wote wanaoitegemea hospitali hiyo ni Wagogo sita katika kila kumi, basi maradhi hayakumpendelea mtu. Ikiwa ni wanane katika kumi, basi Wagogo wamepatwa kidogo kuliko wenzao. Na ikiwa ni wanne, hapo tu ndipo pana jambo la kuuliza. Kila sehemu katika hisabati ina kiasi na asili, na hospitali hutoa kiasi peke yake. Asili ilikuwa itoke katika sensa, na sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967, wakati ambapo Dodoma haikuwa bado imeteuliwa kuwa makao makuu ya nchi, uteuzi uliokuja mwaka 1973 na kuleta watu wa kila mkoa katika mitaa yake.

Tena yale majalada 40 yasiyo na jibu si sawa na mengine. Aghalabu ni ya walioletwa wakiwa mahututi, au ya watoto wachanga, au ya usiku ambapo karani ni mmoja. Na ukiyatupa nje ya hesabu umewatupa wagonjwa wa namna moja. Hata yaliyojazwa yana shaka yake, kwa kuwa karani mwenye foleni ndefu hukisia kabila kwa jina au kwa matamshi, ilhali mwenzake wa zamu ya pili humwuliza mgonjwa mwenyewe. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: chukueni majalada ya wagonjwa waliosajiliwa mara mbili, mlinganishe majibu, yakitofautiana kwa mtu yule yule, mmejua kwamba kilichoandikwa ni dhana ya karani. Na hapa Ugogo jambo ni gumu zaidi, maana wenyeji wanajua kwamba mbari nyingi za Wagogo husimulia asili zao kwa Wahehe, Wakaguru, Wanyamwezi na majirani wengine. Na mtoto wa baba Mrangi na mama Mgogo, aliyezaliwa Nkuhungu, karatasi inamtaka achague mstari mmoja.

Nchi zinazolitumia swali hili kwa mpango zimelazimika kuitafuta asili ya hesabu na kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Hospitali za serikali ya Uingereza zilitakiwa tangu Aprili 1995 kuandika nasaba ya kila mgonjwa aliyelazwa, kwa majina yanayolingana na yale ya sensa, ili kiasi na asili viweze kukutana. Na kanuni yao ni kwamba mgonjwa ajitaje mwenyewe na awe na haki ya kukataa.

5. Kongwa: kuuliza jambo lenyewe

Mfano bora zaidi hauko mbali na ukumbi huu. Wilaya ya Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ilijulikana kwa wingi wa vikope, yaani trakoma, maradhi yanayorudiarudia machoni mwa watoto hata kope zikageuka ndani na kukwangua kioo cha jicho, na mtu akapofuka ukubwani. Katika majalada ya macho mstari wa kabila ungesema Mgogo, Mgogo, Mgogo, na mtu angeweza kudhani kwamba ameelezwa sababu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwamo Sheila West, waliofanya kazi Kongwa pamoja na wenzao wa Tanzania tangu miaka ya 1980, waliuliza mambo mengine: uso wa mtoto ni safi au una makamasi na tongo, nzi wangapi wametua usoni, maji yako mbali gani na nani huamua yatumikeje nyumbani. Kisha wakachukua vijiji sita. Vyote vikapewa dawa ya kupaka machoni, na vitatu kati yake, vilivyochaguliwa kwa kura, vikaongezewa mafundisho ya kuosha nyuso yaliyoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto wa vijiji vitatu vile walikuwa na nyuso safi zaidi, na vikope vikali vilikuwa vichache kwao. Vijiji vyote sita vilikuwa vya wilaya ile ile moja, wala jibu la kabila lisingeweza kueleza tofauti hiyo. Iliyoieleza ni maji machache yaliyofika usoni. Na ni juu ya maji na uso ndipo mganga mkuu wa wilaya awezapo kuweka fedha katika bajeti yake.

6. Pale swali linapofaa

Hata hivyo ziko haja za kweli zilizojificha nyuma ya swali hili. Ya kwanza ni lugha: bibi wa Mvumi asemaye Kigogo tu, au mzee Msandawe atokaye Kwa Mtoro, anahitaji mkalimani kabla ya kutia sahihi kukubali upasuaji, basi na aulizwe lugha, si kabila. Ya pili ni mila zinazogusa mwili, kama ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 uliona kwamba Dodoma wanawake 47 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa, ilhali nchini kote walikuwa 10. Idadi hiyo ilipatikana kwa kuwauliza wanawake wenyewe na kuipanga kwa mikoa, na ilitosha kuongoza mpango. Ya tatu ni jamii ndogo zinazohamahama, kama Wahadzabe wa upande wa Singida na Ziwa Eyasi, ambao jumla za wilaya huwafunika kabisa. Hao huduma ya mkoba haiwezi kujua kama imewafikia pasipo kuwahesabu mahsusi, kwa ridhaa yao.

7. Mapendekezo

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu asili ya kikabila miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na zile za afya. Kwa kuzingatia hayo, naomba semina hii ikubali mambo manne. Kwanza, mstari wa kabila uondolewe katika jalada la kawaida, na mahali pake uwekwe mstari wa lugha aifahamuyo mgonjwa na mstari wa kijiji au mtaa anakoishi. Pili, utafiti unaohitaji kabila uliulize katika karatasi yake wenyewe, baada ya kamati ya maadili kuridhika na sababu iliyoandikwa. Tatu, palipoulizwa, mgonjwa ajitaje mwenyewe, aruhusiwe kutaja zaidi ya moja au kukataa, na kukataa kwake kuandikwe kuwa jibu. Nne, isitangazwe jumla yoyote ya maradhi kwa makabila bila kuonyeshwa imegawanywa kwa watu wangapi, na idadi hiyo imetoka wapi.

Majalada ya zamani yasichomwe, kwani yana habari ambazo mtafiti mwangalifu aweza kuzifasiri akijua yaliandikwaje. Lakini yawekwe chini ya ufunguo, na kila jalada jipya lifunguliwalo kesho asubuhi lianze kwa maswali ambayo karani akiulizwa na mgonjwa sababu yake, aweze kumjibu.