Mtoto Mchanga Anayetoa Mlio Akivuta Pumzi

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi siku ya kliniki ya mama na mtoto)



Uchukuliwe mfano wa mtoto wa kike aliyezaliwa salama akiwa na kilo 3. Alipotimiza wiki mbili alianza kutoa mlio mwembamba kila alipovuta pumzi. Mlio ulizidi alipolia, alipolazwa chali na alipopata mafua. Akiinuliwa begani ulipungua. Jirani alimwambia mama kwamba hicho ni kimeo, na kwamba yuko mtu hodari wa kukikata.

Mama alitangulia zahanati. Muuguzi alimvua mtoto nguo za kifuani, akamtazama akiwa ametulia, akahesabu pumzi kwa dakika nzima. Zilikuwa 46. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ndizo huhesabiwa kuwa za haraka. Kisha akamwangalia akinyonya: alinyonya bila kukatiza, na midomo yake ilikuwa na rangi yake ya kawaida. Kadi ya kliniki ilionyesha kuwa katika wiki ya sita amefikia kilo 4.3. Kilio chake kilikuwa na nguvu, tena safi.

Dalili hizo zote huelekeza kwenye hali iitwayo laringomalasia, ambayo ndiyo sababu kubwa ya mlio wa namna hii kwa watoto wachanga. Gegedu na ngozi laini zilizo juu ya kisanduku cha sauti huwa bado ni legevu. Mtoto avutapo hewa, huvutwa ndani na kuziba njia kwa sehemu, nazo hutetema. Kwa kawaida mlio huanza katika wiki za mwanzo, huongezeka kwa miezi kadhaa, kisha hufifia kadiri koo linavyokomaa. Wengi hupona bila dawa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kimeo kiko kwingine. Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, juu kabisa ya mahali panapotoka mlio. Kukikata hakugusi ulegevu ulio chini kooni, bali huleta damu nyingi, usaha, na hata pepopunda. Ikiwa mtoto atapata nafuu miezi kadhaa baadaye, sifa hupewa wembe, ilhali ni koo lililokomaa.

Hata hivyo, hali hii haiwi nyepesi kwa kila mtoto. Mtoto yuleyule, alipofika mwezi wa nne, alianza kuachia titi kila baada ya mafunda machache ili apumue, na alicheua mara kwa mara. Mwezi huo aliongeza gramu 100 tu. Mlio haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni uzito, na kwa haki kadi hiyo ndiyo iliyostahili kusikilizwa kuliko sikio. Alipewa rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera puani, mtoto akiwa macho mapajani pa mama, na kwa dakika chache akaiona sehemu legevu ikianguka ndani. Mama alielekezwa kumnyonyesha mtoto akiwa ameinuliwa, kwa vipindi vifupi vya mara nyingi, na kupewa dawa ya kupunguza asidi inayopanda kutoka tumboni. Uzito ukarejea. Wachache wasiopata nafuu hufanyiwa upasuaji mdogo wa kupunguza ngozi iliyozidi.

Yapo pia yasiyofanana na kisa hiki, nayo yachunguzwe mapema. Sauti ya kulia iliyo dhaifu au yenye kukwaruza huashiria tatizo la nyuzi za sauti. Mlio unaosikika mtoto avutapo na atoapo pumzi huashiria njia iliyobana chini zaidi, hasa kwa aliyewahi kuwekewa mpira wa kupumulia hospitalini. Alama nyekundu inayokua kidevuni au shingoni huweza kuwa na mwenzake ndani ya koo. Na mlio ulioanza ghafla kwa mtoto aliyekuwa mzima huweza kuwa punje au kitu alichomeza vibaya.

Midomo ikigeuka bluu, pumzi ikikatika, kifua kikibonyea ndani sana, au mtoto akilegea na kushindwa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Usiku, mtoto alazwe chali kama watoto wengine, hata kama kulala kifudifudi hupunguza mlio. Kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini.

Na kwa kuwa watoto wengi hunyamaza wafikapo mbele ya daktari, mzazi mwenye simu arekodi mlio huo nyumbani kwa dakika moja, kifua kikiwa wazi, aende nao pamoja na kadi.