Masaa 48: tuhesabu kwa saa ya wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Lubumbashi



Leo tunaongea juu ya kifungu cha 18 cha Katiba ya 2006. Kinasema polisi haiwezi kuzuia muntu kupita masaa 48. Yakiisha, aachiliwe, ao atiwe mikononi mwa wakubwa wa sheria, kama vile parke. Kifungu hakitoi usiku wala siku ya Mungu: yote inahesabiwa. Lakini hakisemi tufuate saa ya muji gani, na inchi yetu iko na saa mbili. Hapa Lubumbashi ikiwa 16:30, Kinshasa ni 15:30.

Tuseme ndugu yetu anakamatwa hapa Siku ya Kwanza saa 16:30. Kesho yake anapandishwa ndege, anapelekwa Kinshasa. Masaa 48 yanaisha Siku ya Tatu, 16:30 ya hapa, ni kusema 15:30 ya kule. Polisi wa Kinshasa anasoma kwenye PV «16:30», anaangalia saa ya ukuta wake, anangojea mpaka 16:30. Wakati ule ndugu amekwisha kumaliza masaa 49. Hakuna aliyebadilisha sheria. Ni saa mbili tu ndizo zilichanganywa.

Juu ya ile, sisi tunashika kanuni moja: masaa 48 ni urefu wa wakati. Yanaanza pale muntu alipokamatwa, na ndege haiyaongezi wala haiyapunguzi. Saa yoyote inafaa, bora ile ya kuanzia ikuwe njo ile ya kumalizia.

Sisi tuliorudia tuko na shida ingine, ni telefone. Yule aliyetoka Angola, kama hajageuza saa, telefone yake iko nyuma kwa saa moja hapa. Ya yule aliyetoka Tanzania iko mbele kwa saa moja. Ya Zambia ni sawasawa na yetu. Mama wa Angola akiandika kama mtoto alikamatwa 15:30, kisha akienda kudai Siku ya Tatu saa 15:30 ya ukuta wa hapa, masaa ni 47 tu. Atarudishwa, na watakuwa na haki.

Hata ujumbe wa WhatsApp unadanganya macho: uliotumwa hapa 16:35, ndugu wa Kinshasa anauona 15:35. Kwa hiyo andikeni hivi: «Siku ya Kwanza, 16:30, saa ya Lubumbashi», na jina la muntu aliyeona. Mbele ya kutia sahihi kwenye PV, ndugu asome saa iliyoandikwa, na aombe muji uongezwe pembeni.

Tujue pia mpaka wake: masaa kuisha haimalizi kesi. Parke iko na nguvu zake za kuendelea kumushika muntu, na hesabu ingine inaanzia pale. Ila kifungu kile kile cha 18 kinamupa ndugu ruhusa ya kujulisha jamaa yake ao avoka mara moja. Akipata kutuita, tutamuuliza kwanza: saa ngapi, na ya wapi?