"Una shamba?" ni swali bovu

Makamanda, dodoso letu la Ngara na Biharamulo linapima uwezeshaji wa mwanamke kwa swali moja: "Una shamba?" Ndiyo au hapana. Naomba tulifute, na sababu iko hapo jirani, Muleba.

Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza. Ndugu wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda kushtaki: kwa mila, mwanamke analitumia tu shamba la ukoo, hawezi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Ilibidi ifike 1990 ndo Mahakama Kuu, Mwanza, iseme huo ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba.

Sasa, kabla ya kuuza, Holaria angejibu "ndiyo, nina shamba", nasi tungempa alama zote. Kumbe alichokuwa nacho machoni pa ukoo ni jembe tu.

Kwa hiyo tulivunje swali. Hati ya kimila ina jina la nani? Ukitaka kuuza, nani anaweza kukuzuia? Mara ya mwisho mlipouza maharage, pesa alishika nani? Na tumuulize akiwa peke yake. Mume akikaa pembeni, majibu hubadilika.

Tahadhari moja, ya kisheria kidogo. Akisema "lazima mume akubali", msikimbilie kuandika hana uwezo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtaka kila mwenzi apate ridhaa ya mwenzake kabla ya kuuza nyumba ya ndoa. Muulizeni pia: yeye mume akitaka kuuza, anakuuliza?