Saa Mbili Iko Wapi? Mhadhara wa Umma Uliotolewa Magunga



Saa hii niliyoishika nimeikata kwenye katoni ya sabuni, mishale yake nimeifunga kwa waya. Naipanga hivi: mshale mfupi umeipita 8 kidogo, mrefu uko kwenye 2. Nawasikia mkisema saa mbili na dakika kumi. Ni kweli. Lakini hiyo "mbili" mmeitoa wapi? Mshale mfupi umeonyesha 8. Penye 2 pana mshale mrefu, nao mmeusoma dakika kumi.

Niliwahi kumwonyesha mtoto wa Gredi ya 3 saa iliyopangwa hivi. Akasema, "Saa mbili," kidole chake kikiwa juu ya mshale mrefu. Nikampongeza. Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni nilipotambua kwamba siku ile alikuwa amekosea na mimi nikampa alama.

Huku kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza kwa wakati unaopishana kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima, na hesabu ya saa huanza nalo. Nyumbani mtoto husikia kwa Kijaluo kwamba ni saa ariyo, kwenye kipindi cha Kiswahili akaambiwa saa mbili, kisha kwenye hisabati inayofundishwa kwa Kiingereza akaambiwa nane. Saa ya ukutani ni ile ile. Akiambiwa ni saa mbili, anaitafuta 2, na mshale wowote atakaoukuta hapo anauamini. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba watoto hawatofautishi mrefu na mfupi, mimi nadhani mara nyingi macho yao hayana kosa. Kilichowapoteza ni sikio.

Watu wazima tuna njia yetu: tunatazama upande wa pili. Mkabala na 8 ni 2. Njia hiyo ni sahihi, ila kwa mtoto anayeanza inamwondoa kwenye ncha ya mshale kabla hajajua ncha ya kutazama ni ipi. Mimi humwacha aseme "mfupi uko kwenye 8" kwa siku kadhaa, bila jina la saa.

Na mshale mrefu nauondoa kabisa. Si ajabu, saa za kale za minara ya Ulaya aghalabu zilikuwa na mshale mmoja, na ule wa dakika ulienea baada ya Mholanzi Christiaan Huygens kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Mshale mfupi ukiwa katikati ya 3 na 4, mtoto huona mwenyewe kwamba saa tisa imepita na kumi haijafika: ni tisa na nusu. Akizoea hivyo, narudisha mrefu umpe dakika.

Halafu namtega. Naweka mfupi barabara kwenye 3, mrefu barabara kwenye 6. Anayejibu "tisa na nusu" bado hajaelewa. Anayejibu "saa hii imeharibika" ameelewa, maana kwenye saa nzima mfupi ungekuwa umeshafika nusu ya njia kwenda 4. Saa zetu za katoni ndizo zinazotuponza hapa, kwa kuwa kila mshale huzunguka kivyake. Tafuteni saa kuukuu ya ukutani, mzungushe kirungu cha nyuma, watoto waone mishale ikienda pamoja.

Sasa muda uliopita. Tuseme matatu imetoka hapa Magunga saa ikionyesha 7:45, ikafika iendako saa ikionyesha 10:20. Mtoto mmoja huandika saa 2 na dakika 75. Huyo amekopa 100 kama anayetoa shilingi, ilhali saa moja ina dakika 60 tu. Ndiyo maana amezidisha dakika 40 kamili. Mpeni mstari na aruke: robo saa mpaka 8:00, saa mbili mpaka 10:00, dakika 20 za mwisho. Jumla ni saa 2 na dakika 35. Akitaka kuhesabu kutoka saa mbili kasorobo mpaka saa nne na dakika ishirini, jibu halibadiliki, mradi ncha zote mbili azitaje kwa lugha moja.

Yule aliyechanganya hujulikana mara moja, kwa sababu hukosea kwa saa sita kamili. Msichana mmoja alisikia "mbili kasorobo", akaandika 1:45, akaitoa kwenye 10:20 aliyoiona ukutani, akapata saa 8 na dakika 35. Sikumsahihisha. Nilimuuliza gari lililotoka asubuhi, likakaa njiani saa nane na zaidi, lingefika jua likiwa wapi. Akaangalia dirishani, akacheka, akaifuta 1 na kuandika 7.