Matatu Iuzwe Mwaka Gani?

Msikilizaji wa Nyeri, Karatina na Othaya, leo tupige hesabu ya matatu. Chukua mfano wa gari lililonunuliwa kwa shilingi 2,000,000.

Mwaka wa kwanza bei yake sokoni inashuka kwa 400,000, na gereji inakula 100,000: jumla 500,000. Mwaka wa pili bei inashuka 300,000, matengenezo 150,000. Wa tatu, 200,000 na 250,000. Kila mmoja wa miaka hiyo miwili umegharimu 450,000, kwa hiyo wastani wa miaka mitatu ni takriban 467,000.

Mwaka wa nne bei inashuka 150,000 tu, lakini klachi na breki, zilizochoshwa na milima yetu, zinadai 400,000. Jumla 550,000, kupita wastani. Basi uza mwaka wa tatu unapoisha.

Wengi hung'ang'ania gari kwa sababu wameshalitengenezea injini. Pesa hiyo hairudi. Linganisha gharama za mwaka ujao pekee na wastani huo. Na siku gari linapolala gereji, mapato yaliyopotea yaandike kwenye daftari kama matengenezo, maana ndiyo gharama inayosahaulika zaidi.