Tamasha la Vipaji: Saa, Kalamu na Zamu

Maelezo yaliyotolewa na afisa wa utamaduni kwa kamati za wadi zinazojiandaa kwa tamasha za vipaji

Mmeniomba niseme jinsi ya kuandaa tamasha lisiloishia kwa malalamiko. Mapambo na zawadi mnavijua kunishinda, kwa hivyo nitazungumzia mambo matatu tu: muda, alama na zamu ya kupanda jukwaani.

Tuchukue mfano. Mna ukumbi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni, yaani dakika 240. Toeni 30 za wageni na hotuba (na mwenye kuhutubia aambiwe mapema kwamba naye anapimwa muda), 30 za kujumlisha alama na kutoa zawadi, na 15 za mapumziko. Zimebaki 165. Kila mshiriki amepewa dakika nne, na hapo ndipo kamati nyingi hugawa 165 kwa nne na kukubali watu 41. Lakini mshiriki wa dakika nne hula dakika saba: moja ya kumtambulisha, moja ya waamuzi kuandika, na moja ya kusogeza vipaza sauti. Watu 20 watachukua dakika 140, na 25 zinazobaki ni akiba ya stima kupotea au kikundi kuchelewa. Chukueni 20, basi.

Waliojiandikisha wakiwa 60, mchujo ndio utakaowapunguza, tena siku nyingine, wiki mbili kabla ili waliopita wapate nafasi ya kufanya mazoezi. Kwenye mchujo dakika mbili zinatosha, na moja ya kubadilishana. Hizo ni saa tatu. Mwimbaji aingie moja kwa moja kwenye ubeti wake bora. Kwenye tamasha lenyewe, mtunza saa aketi mbele na kadi mbili: ya manjano ikibaki dakika moja, nyekundu muda ukiisha. Anayepita kwa sekunde 30 akatwe alama tano. Kukata huko ni kazi ya mtunza saa. Mwamuzi asiguse.

Sasa karatasi ya alama. Ustadi upewe 50, uwasilishaji 30, ubunifu 20. Vigezo vitatu vinatosha, kwa kuwa mwamuzi mwenye vigezo vinane huishia kukisia. Kosa kubwa, hata hivyo, huwa katika kujumlisha. Tuseme kuna waamuzi watatu, na mwishoni wamebaki mghani na kikundi cha densi. Mwamuzi wa kwanza anampa mghani 78, densi 75. Wa pili, 80 kwa 76. Wa tatu anampa mghani 60, densi 90. Ukijumlisha, mghani ana 218, densi 241. Densi imeshinda, ingawa waamuzi wawili kati ya watatu walimweka mghani mbele. Huenda wa tatu hana hila yoyote, ila kalamu yake inaruka mbali kuliko za wenzake, na hivyo imeamua peke yake.

Dawa ni kugeuza alama za kila mwamuzi kuwa nafasi: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha jumlisheni nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mghani atapata 1, 1 na 2, jumla nne. Densi 2, 2 na 1, jumla tano. Njia yoyote mtakayochagua, itangazwe kabla ya mshiriki wa kwanza kupanda. Ikibadilishwa alama zikishasomwa, hakuna atakayeamini hata ikiwa sahihi.

Zamu nayo si jambo dogo. Watafiti waliochunguza mashindano ya piano ya Malkia Elisabeth huko Brussels, ambako zamu hupangwa kwa bahati nasibu, walikuta kwamba waliopiga mapema walielekea kupata nafasi za chini. Mwamuzi huogopa kumwaga alama mapema kwa kuwa hajui kinachokuja. Basi anzeni na msanii asiyeshindana, waamuzi wamwekee alama za majaribio, walinganishe, ndipo mashindano yaanze. Washiriki waokote vikaratasi vya zamu hadharani. Vikundi vyenye ngoma na vyombo vizito viokote kati ya nafasi mbili tu, ya kwanza na ile inayofuata mapumziko, kwa sababu hapo vyombo hupangwa bila kula muda wa mtu. Vikiwa zaidi ya viwili, watumie seti moja ya ngoma.

Alama zijumlishwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe. Wakilingana washiriki wawili, aangaliwe aliyezidi katika ustadi. Karatasi zitiwe sahihi na kuhifadhiwa siku saba, na mshiriki akitaka kuona zake, aonyeshwe zake tu.